Swali la lugha: Kitufe kisichobonyezwa

*"Mwalimu, shikamoo. Nina mashua hapa Shela, Lamu, nawapeleka wageni wa bara kwenye magofu ya Takwa na kisiwa cha Manda Toto. Ukurasa wangu mtandaoni husomwa mpaka chini, lakini kitufe hakibonyezwi. Mwisho nimeandika: 'Kwa maelezo zaidi, tafadhali usisite kuwasiliana nasi.' Kitufe kinasema 'Bofya hapa'. Kiswahili changu kina kasoro gani?"*

Marahaba. Sarufi yako ni safi. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo haimtumi mtu kufanya lolote.

Anza na "wasiliana". Hiki ni kitenzi cha kutendana, na vitenzi vya -ana hugawa kazi kwa pande mbili bila kusema nani aanze. Msomaji hajui kama apige simu, aandike, au angoje umtafute. "Usisite" nayo inamkataza jambo ambalo huenda hakuwa nalo. Mtu aliyekwisha amua kusafiri sasa anajiuliza kuna nini hapo cha kusitia. Na "maelezo zaidi" ya nini, ikiwa ukurasa mzima ameumaliza? Anachotaka ni kiti ndani ya mashua.

Badala ya kutendana, tumia kitenzi chenye mtendaji mmoja na mpokeaji anayeonekana: "tuandikie", "tupigie". Kiambishi tu- kinaonyesha kwamba upande wa pili kuna watu wanaongoja. Tena, kiambishi cha mtendwa kikiingia, amri humalizikia kwa -e, na sikio la Mswahili halioni ukali ndani yake. "Andika!" peke yake ni sauti ya mwalimu darasani; "tuandikie" unaweza kumwambia hata mzee wako. Ndiyo maana "tafadhali" haihitajiki tena. Usiandike "tuandikia", ingawa mitaani utaisikia.

Sasa umwombe akuandikie nini? Hapo mkondo wa Takwa unakusaidia. Unajua kuliko mimi kwamba njia ile ya mikokoni haipitiki maji yakiwa yamekupwa, na kwamba saa ya maji kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwa hiyo saa ya kuondoka haiwezi kuandikwa ukurasani ikabaki vile vile. Mgeni lazima ataje tarehe kwanza. Hiyo ni sababu ya kweli ya kukuandikia, na inashinda "Haraka! Nafasi zimebaki chache", maneno ambayo mgeni akifika gatini na kuona mashua zimejipanga atajua yalikuwa chumvi tupu. Mimi ningefunga hivi:

*Njia ya Takwa hupitika maji yakijaa tu, na saa ya kujaa hubadilika kila siku. Tuandikie tarehe unayotaka, tukupe saa ya kuondoka Shela.*

Tazama "tukupe". Ningeweza kuandika "tutakupa", nayo ingekuwa ahadi inayosimama mbali na ombi. Dhamira tegemezi inafunga mambo mawili pamoja: wewe ufanye hili ili sisi tufanye lile.

Kwenye kitufe sauti inageuka, maana anayebonyeza ni mgeni. Wengi huandika "Niwekee nafasi", na hapo pana mtego: wewe nawe ukiwa umeandika "niambie tarehe" juu yake, ni- ya kwanza ni yako na ya pili ni ya mteja, msomaji anababaika. Jiite "sisi" ukurasa mzima, kisha kitufe kiseme "Nijulisheni saa ya safari". Ile -ni ya mwisho inaonyesha kwamba mtu mmoja anasema na watu wengi, yaani mgeni na mabaharia wako, kwa hiyo hakuna wa kuuliza sauti ni ya nani.

Kama kitufe kinafungua WhatsApp, mwanzishie mgeni sentensi yake, naye abaki kujaza tarehe tu:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Nataka%20kwenda%20Takwa%20tarehe%20
```

Namba haianzi na alama ya kujumlisha wala sifuri, na %20 ni nafasi kati ya maneno. Sentensi hiyo iwe ya kawaida kama mtu anavyoongea. "Ningependa kufanya uhifadhi wa nafasi" hakuna anayeitamka akiwa na akili zake.

Kisha soma ujumbe utakaoingia. Ukipata "Habari" tupu, mgeni alifika mwisho bila kujua aseme nini, basi rudi kwenye sentensi ya juu ya kitufe. Ukipata "Ni pesa ngapi?" mara kwa mara, usiguse kitufe: bei haipo ukurasani, au umeificha. Iandike juu ya sentensi ya tarehe, useme ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, na kama chakula kimo.