Saa Inaanza Kuhesabiwa Wapi? Niliyojifunza Nilipokodi Godauni na Malori ya Watu Wengine

Mwezi wa tatu wa mkataba wetu wa kwanza, kampuni iliyokuwa ikitutunzia na kutusafirishia bidhaa ilinitumia ripoti: oda 240, zilizofika kwa wakati 232, sawa na asilimia 97. Siku hiyohiyo mama mmoja mwenye duka Likoni alinipigia simu. "Mwanangu, mafuta yako naletewa leo nikilala, kesho nikiamka. Wateja washaenda kwa mwengine." Nikabaki na ripoti mkono mmoja na simu mkono mwingine, sijui nimwamini nani.

Biashara yetu ni ya vyakula vya dukani: mafuta ya kupikia, mchele, maziwa ya unga. Mizigo ikitoka bandarini Mombasa inaingia godauni la kukodi upande wa Miritini, kisha inasambazwa kisiwani, Likoni na Ukunda, na upande wa pili Mtwapa hadi Kilifi. Hatukuwa na godauni wala lori letu. Tulikuwa na mkataba wa kiwango cha huduma wa kurasa nne, na sentensi moja ndani yake ndiyo iliyotuponza: "Mtoa huduma atafikisha asilimia 95 ya oda kwa wakati."

Niliomba hati za kupokelea mizigo za mwezi mzima, zile zenye sahihi na muhuri wa duka, nikakaa nazo siku mbili. Zile oda 232 zilikuwa zimetoka godauni siku iliyoahidiwa. Kwao, saa ilisimama lori lilipovuka geti. Nikaziondoa 19 zilizofika dukani siku ya pili, zikabaki 213. Katika hizo, 21 zilifika pungufu, katoni mbili hapa, tano pale. Zikabaki 192. Gawanya kwa 240 upate asilimia 80. Hakuna aliyenidanganya. Mkataba haukusema "kufika" ni nini, nao wakachagua maana iliyowafaa, kama ambavyo mimi ningefanya.

Kwa hiyo ukiandika mkataba wako, usianze na asilimia. Anza na saa. Wetu wa pili unasema hivi kwa maduka ya kisiwani: oda iliyoingia kwenye mfumo kabla ya 16:00 lazima iwe imepokelewa dukani kabla ya 13:00 siku ya kazi inayofuata. Iliyoingia baada ya hapo inahesabiwa ya kesho yake. Saa inasimama mpokeaji anapotia sahihi na kuandika muda, na dereva anaipiga picha hati hiyo kabla hajaondoka mlangoni. Oda imetimia ikiwa imefika ndani ya muda, na kila katoni iliyoagizwa imo, nzima, ya aina ileile. Ikikosa kimoja, ni sifuri. (Na andika saa za tarakimu 24. Tuliwahi kuandika "saa kumi" kwenye rasimu, karani mmoja akaiingiza kwenye mfumo kama 10:00, na wiki nzima oda za mchana zikawa zinasukumwa siku ya pili.)

Pia andika ni lini duka lenyewe ndilo lenye kosa. Ijumaa maduka mengi ya Mombasa hufungwa wakati wa swala, na lori likifika wakati huo likute mlango umefungwa, si haki kumkata mtoa huduma. Tulikubaliana kwamba lori likisubiri dukani zaidi ya dakika 45 ndani ya muda uliopangwa, oda hiyo inatolewa kwenye hesabu, ila kwa sharti dereva awe amepiga picha alipofika. Oda iliyoahirishwa nayo inatolewa tu ikiwa ombi limetoka kwetu kwa maandishi. Hapo awali "imeahirishwa kwa ombi la mteja" lilikuwa shimo la kutupia kila oda iliyoshindikana.

Sasa visingizio. Kila mkataba una kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, na ukikiacha wazi utaona foleni ya feri ya Likoni imeingizwa humo. Foleni ya feri si tufani. Iko kila siku, na anayefanya biashara ya usafirishaji hapa anaijua kama anavyojua njia ya kwake. Kwetu tuliandika kwamba foleni, msongamano wa Changamwe, mvua ya kawaida ya masika na lori kuharibika si sababu. Feri kusimamishwa kabisa, au barabara kufungwa na serikali, ni sababu, lakini pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Na siku hizi njia nyingine ipo. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, lori linatoka Miritini hadi upande wa Kwale bila kukanyaga feri. Hapo likazuka swali ambalo hakuna aliyelifikiria: Likoni kwa njia hiyo ni mzunguko, mafuta ya ziada analipa nani? Tukaamua kwamba bei ya safari za Kusini inapigwa kwa njia ya Dongo Kundu tangu mwanzo. Ikawa ghali kidogo kwenye karatasi, lakini neno "feri" limetoweka kwenye ripoti.

Zile oda 21 pungufu zilinipeleka godauni, maana katoni haipotei barabarani bila sababu. Ripoti ya bidhaa ilisema hesabu ni sahihi kwa asilimia 99.9. Tukahesabu pamoja aina tatu. Mafuta ya lita 3: mfumo ulisema katoni 500, sakafuni zilikuwa 480. Mafuta ya lita 5: mfumo 300, kweli 318. Maziwa ya unga: mfumo 200, kweli 201. Ukijumlisha, mfumo una 1,000 na sakafu ina 999. Imepotea katoni moja tu, na ndiyo hiyo asilimia 99.9. Lakini ukihesabu kila kosa peke yake bila kuacha ziada ifute upungufu, makosa ni 20 na 18 na 1, jumla 39. Usahihi ni asilimia 96.1. Katoni za lita 3 na lita 5 zinafanana rangi, na hamali aliyeambiwa atoe hii alikuwa anatoa ile. Huko mwisho wa safari, mwenye duka anapokea asichoagiza, na oda inarudi kama pungufu.

Hapa nilibishana sana na meneja wao, na nusu ya ubishi alikuwa na haki. Alisema: "Bwana, katoni zimebadilishana nafasi, hazikuibiwa. Utanilipisha vipi 20 na zile 18 za ziada umekalia wewe?" Ni kweli. Ndiyo maana sasa tuna vipimo viwili. Usahihi wa hesabu unapimwa kwa kila aina peke yake, makosa yote yakijumlishwa, lengo asilimia 99, na hakuna kufidiana. Fidia ya pesa inapimwa kwa jumla, ziada ikiruhusiwa kufuta upungufu, lakini tu kati ya bidhaa zilizoorodheshwa kuwa zinafanana, na tofauti ya bei kati yake inalipwa. Maziwa ya unga hayawezi kufuta mafuta.

Upotevu nao una kiwango cha kuvumiliwa, kwa sababu godauni lisilopoteza kitu halipo. Wetu ni asilimia 0.2 ya thamani ya bidhaa zilizopita godauni kwa mwaka mzima. Bidhaa za milioni 90 zikipita, shilingi 180,000 tunazimeza sisi, zinazozidi wanalipa wao. Angalia maneno mawili hapo. "Zilizopita" si "zilizopo", na tofauti yake ni kubwa. Na "thamani" lazima iwe na maana: kwetu ni bei ya kununulia pamoja na ushuru na gharama ya kufikisha godauni, si bei ya dukani. Kisha geuza ankara yao usome nyuma. Mara nyingi kuna masharti ya jumla yanayosema dhima yao ni kiasi fulani kwa kilo, na kilo ya mchele na kilo ya maziwa ya unga hazina thamani moja. Mkataba useme wazi kwamba pakiwa na mgongano, wenyewe ndio unaotawala. Bima ya dhima yao pia si bima ya mali yako. Hiyo kata mwenyewe.

Kuna upande wetu, na sipendi kuusimulia. Ramadhani ya mwaka ule oda zetu zilikaribia maradufu na hatukumwambia mtu. Wao walipanga malori manne na wafanyakazi wa kawaida, sisi tukamimina oda za futari, kisha tukapiga kelele. Sasa tunatoa makadirio wiki sita kabla. Oda zikizidi makadirio kwa asilimia 20, zile za juu ya hapo zinafikishwa kwa juhudi lakini haziingii kwenye hesabu ya kiwango. Sharti hili walilidai wao, na ndilo lililonifanya nimtafute muuzaji wangu mapema badala ya kungoja mwezi uandame.

Pesa za makato tuliziweka rahisi. Ada ya usafirishaji ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Kila pointi moja chini ya 95 inakata asilimia moja ya ada, mwisho asilimia 10. Ule mwezi wa asilimia 80 ungekatwa pointi 15, lakini kikomo kingesimamisha kwenye 60,000. Ona tatizo: kuanzia 85 kushuka chini, kuharibu zaidi hakumgharimu kitu. Kwa hiyo makato hayatoshi peke yake. Tuliongeza kwamba miezi mitatu mfululizo chini ya 90 inatupa haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30, bila fidia.

Na kuvunja mkataba kuna mtego wake. Bidhaa zako ziko ndani ya geti la mtu mwingine. Kampuni ile ya kwanza, tulipokuwa tunabishania ankara moja, ilizuia kila kitu, hata maziwa yaliyobakiza miezi miwili kwisha muda. Sasa haki ya kuzuia mali ipo, siwezi kuifuta, lakini ina mipaka: ni kwa deni lisilobishaniwa tu, na kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi deni hilo mara moja na nusu, zikichaguliwa zile zenye muda mrefu zaidi wa kuisha. Zingine zote zinatoka ndani ya siku saba, pamoja na faili la hesabu likionyesha tarehe ya mwisho ya kila shehena.

Mwezi wa kwanza wa mkataba mpya, na kampuni nyingine, ripoti ilisema 89. Nilizipitia hati zote, nikapata 89. Ankara ilikuja ikiwa imeshakatwa shilingi 36,000, kabla sijafungua mdomo.