Zambarau juu ya zambarau: kupima IC50 kwa DPPH

Wengi mnaokuja kwetu Malindi kwa mafunzo ya vitendo mnaanzishiwa kipimo cha DPPH, kinachoonyesha nguvu ya dondoo ya mmea ya kuzima radikali huru. Vifaa vyake ni vichache na kufikia adhuhuri mtu ameshapata nambari yake. Hapo ndipo ninapowahofia, kwa sababu nambari hutoka hata kazi ikiwa imeharibika tangu asubuhi, na mashine haitakwambia. Nitawapitisha kwenye tunda moja tu, zambarau, lile tunaloliokota chini ya miti msimu ukifika na kurudi nyumbani ulimi umebadilika rangi. Ganda lake lina karibu makosa yote ya kipimo hiki.

DPPH ni radikali huru iliyotulia, kwa hivyo inaweza kuwekwa kwenye chupa. Ukiiyeyusha kwenye methanoli inatoa rangi ya zambarau iliyokoza, na hufyonza mwanga kwa wingi kwenye nanomita 517. Ikikutana na kemikali ya mmea inayoweza kuipa hidrojeni au elektroni, rangi inafifia mpaka inabaki manjano hafifu. Unachopima ni rangi iliyobaki, kwa spektrofotomita, mashine inayosoma kiasi cha mwanga kilichofyonzwa. IC50 ni ukolezi wa dondoo unaofuta nusu ya rangi hiyo, kwa hivyo nambari ikiwa ndogo, dondoo ni kali.

Anza na mchanganyiko wenyewe. Sisi tunatumia DPPH ya milimola 0.1 kwa lita. Miligramu 3.9 katika mililita 100 zinatosha, lakini mizani yetu inasoma hadi miligramu 0.1, na kupima kitu kidogo hivyo ni kubahatisha. Pima miligramu 39.4, yeyusha katika mililita 100, kisha zimua mara kumi. Funga chupa kwa karatasi ya alumini, itengeneze siku hiyohiyo, na usiiache wazi. Kwa joto letu la Pwani methanoli huondoka upesi, na DPPH iliyobaki inakolea bila wewe kujua.

Kila mrija unapata mililita 1 ya dondoo na mililita 3 za DPPH. Mrija wa kontroli unapata mililita 1 ya methanoli mahali pa dondoo. Msiliruke hilo. Kuna mwanafunzi aliyejaza kuveti, kile kichupa kinachoingia kwenye mashine, ya kontroli kwa DPPH peke yake, akapata usomaji wa karibu 1.15, ilhali mirija yake mingine yote ilikuwa imezimuliwa kwa robo. Matokeo yake yalionyesha kwamba hata methanoli tupu inafuta asilimia 25 ya rangi. Ukitia methanoli ile mililita 1, kontroli inashuka hadi kama 0.86, na hiyo ndiyo mia kwa mia yako.

Sasa zambarau yenyewe. Tulikausha maganda kivulini, tukayasaga, tukayaloweka kwenye methanoli kwa siku moja gizani, tukachuja na kuivukiza methanoli kwa nyuzi 40. Masalia yaliyokauka ndiyo tuliyopima na kuyayeyusha upya. Binti mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo alitayarisha viwango vitano, ambavyo ndani ya kuveti vilikuwa mikrogramu 5, 10, 20, 40 na 80 kwa mililita. Alisubiri nusu saa gizani, akasoma, akaja na daftari uso umekunjika.

"Mwalimu, nimeongeza dondoo mara mbili na kazi haikuongezeka. Arobaini inanipa asilimia 64.5, themanini inanipa 64.1."

Nikamwuliza kama ameipima rangi ya dondoo yenyewe. Hakuwa ameipima.

Niliuinua mrija wake wa mwisho dirishani. DPPH ilikuwa karibu yote imeisha, lakini mrija haukuwa wa manjano. Ulikuwa mwekundu wa waridi, kama maji yaliyooshewa zambarau. Rangi ile ni ya anthosianini za ganda, na anthosianini hufyonza mwanga karibu na nanomita 520, yaani papo hapo tunapoisomea DPPH. Spektrofotomita haina njia ya kujua zambarau hii ni ya nani. Inajumlisha zote mbili.

Dawa yake ni blanki ya sampuli. Kwa kila kiwango, tayarisha mrija wa pili wenye mililita 1 ya dondoo ileile na mililita 3 za methanoli bila DPPH. Usomaji wake unatolewa kwenye usomaji wa sampuli kabla ya hesabu:

```
% = 100 × [Ak − (As − Ab)] / Ak
```

Hapo Ak ni kontroli, As ni sampuli yenye DPPH, na Ab ni blanki ya sampuli. Kwa mrija wa 80, sampuli ilisoma 0.309 na blanki 0.240. Iliyobaki ni 0.069, na 0.069 kati ya 0.860 ina maana asilimia 92 imefutwa, si 64. Kwa 40, sampuli ilikuwa 0.305 na blanki 0.120, tukapata asilimia 78.5. Kwa 20 tukapata 45.9, kwa 10 tukapata 24.4, na kwa 5 tukapata 12.7. Mstari uliokuwa umelala ukainuka.

Blanki moja haitoshi kwa viwango vyote, maana rangi ya dondoo inakua pamoja na ukolezi. Na blanki haiokoi kila kitu. Mtu akiloweka maganda kwa maji badala ya methanoli, pektini huganda pindi dondoo inapokutana na methanoli, na DPPH nayo haipendi maji. Mrija unakuwa na ukungu, ukungu unatawanya mwanga, na unaweza kupata asilimia iliyo chini ya sifuri. Angalia kila mrija kwa macho kabla ya kuutia kwenye mashine. Wenye ukungu uzungushe kwenye sentrifugi na usome maji ya juu, au punguza maji kwenye dondoo na uanze upya. Mimi huchagua kuanza upya.

Tukafika kwenye IC50. Binti alitia nukta zote tano kwenye jedwali la kompyuta, akachora mstari mnyoofu, na mstari ukampa 30.3. Nilimwomba asome mstari uleule pale ambapo hakuna dondoo. Ulisema asilimia 18.5. Mrija usio na dondoo hauwezi kufuta rangi, kwa hivyo mstari ni wa uongo. Sababu ni kwamba mkunjo wa DPPH hupanda karibu mnyoofu mwanzoni kisha unalala rangi inapokaribia kuisha, na nukta ya 80 iliyo juu kule inauvuta mstari wote. Ukitumia nukta mbili zinazoizunguka nusu, yaani 20 na 40, unapata kama 22.5. Hiyo ndiyo karibu na ukweli, lakini pengo la 20 hadi 40 ni kubwa mno. Tulirudi tukatengeneza 15, 20, 25 na 30, kila kimoja mara tatu, na kila mara kwa masalia yaliyopimwa upya kwenye mizani, na jibu likabaki 22.5. Kurudia kusoma kuveti ileile mara tatu si kurudia kipimo.

Kama viwango vyako vyote viko chini ya asilimia 50, usiurefushe mstari ukaenda kuitafuta nusu hewani. Ongeza ukolezi, au andika kwamba IC50 iko juu ya kiwango chako kikubwa.

Kosa linalofuata nalizungumza kwa uchungu kidogo, kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe na ripoti ikaondoka mikononi mwangu. Mikrogramu 22.5 ni ukolezi ndani ya kuveti, baada ya kuchanganya. Kwenye mrija wa dondoo kabla ya kuchanganya, kiwango hichohicho kilikuwa 90. Nambari zote mbili huonekana kwenye daftari, na mimi niliandika ya dondoo kabla ya kuchanganya, huku ya vitamini C nikiwa nimeiandika ya ndani ya kuveti. Mmea ukaonekana dhaifu mara nne kuliko ulivyo. Andikeni juu ya kila safu ya daftari: ndani ya kuveti.

Vitamini C ndiyo shahidi wenu katika hili, na IC50 yake inaweza kuhesabiwa kabla hujashika pipeti. Ndani ya kuveti yetu DPPH ni mikromola 75 kwa lita, kwa sababu 0.1 imezimuliwa kwa robo. Nusu yake ni 37.5. Molekuli moja ya vitamini C hufuta karibu molekuli mbili za DPPH, kwa hivyo zinahitajika kama mikromola 18.75, ambazo kwa uzito wa molekuli wa 176 ni mikrogramu 3.3 hivi kwa mililita. Ukipata 3.2 au 3.6, endelea na mmea wako. Ukipata 13, umeandika ukolezi wa kabla ya kuchanganya. Ukipata 8, vitamini C yako imeshaanza kuharibika kwenye chupa, au DPPH ni nzito kuliko unavyodhani. Itengenezeni asubuhi ya kipimo, kwani ikiyeyushwa haikai.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini IC50 ya kwetu haiwezi kuwekwa kando ya IC50 ya mtu mwingine hivihivi. Ukitia DPPH maradufu, unahitaji vitamini C maradufu kufuta nusu, na IC50 inakuwa 6.6 ilhali vitamini haijabadilika. Ya zambarau itakwenda kama 45. Uwiano kati ya mmea na vitamini C iliyopimwa siku hiyohiyo, kwa DPPH ileile, unastahimili zaidi: 22.5 kwa 3.3 ni kama mara 6.8.

Muda nao una neno. Vitamini C humaliza kazi ndani ya dakika chache, lakini polifenoli kubwa, kama tanini za gamba la mkandaa tunazopima mara kwa mara, huendelea kufuta rangi taratibu hata baada ya nusu saa. Kabla ya kuamua muda, chukua mrija mmoja wa katikati uusome dakika ya 10, 20, 30, 45 na 60. Kama bado unashuka, andika muda uliosoma na usisite kuutaja.

Mwishowe binti aliandika sentensi moja ya matokeo, nami niliisaini: dondoo ya methanoli ya ganda la zambarau lililokaushwa, IC50 mikrogramu 22.5 za masalia makavu kwa mililita ndani ya kuveti, DPPH mikromola 75, dakika 30 gizani, nanomita 517, rangi ya sampuli imetolewa, vitamini C siku hiyohiyo 3.3. Mwenye duka la dawa za mitishamba alikuja akitaka tuandike kwenye pakiti kwamba zambarau inasafisha damu. Tulimpa sentensi ileile, tukamweleza kwamba inazungumzia methanoli kwenye kuveti na haijaingia mwilini mwa mtu yeyote.