Kiwanja cha Rafiki na Hesabu Isiyoonekana Kwenye Picha

Wivu unaouma zaidi mtandaoni hautokani na watu maarufu. Mtu anaweza kutazama jumba la msanii mkubwa na kuendelea na shughuli zake bila wasiwasi, lakini picha ya mwenzake wa chuo, aliyesimama kando ya bikoni ya kiwanja kipya akiwa ameshika mkataba wa mauziano, ikamnyima raha siku nzima. Mwanasaikolojia Leon Festinger, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1954, alieleza kwamba watu huelekea kujilinganisha na wale wanaokaribiana nao. Rafiki uliyehitimu naye na kuajiriwa naye ndiye anayeonekana kuwa kipimo cha haki, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu kufanana huko mara nyingi ni kwa juu juu.

Picha hiyo niliiona kwenye status ya rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu hapa Tanzania. Tulianza kazi mwaka mmoja, kila mmoja kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Kwenye kundi letu la darasa pongezi zilimiminika, na pembeni minong'ono ikaanza kwamba fedha zile haziwezi kuwa za mshahara. Minong'ono ya namna hiyo humtuliza mwenye wivu kwa muda mfupi, lakini humfungia mlango wa kujua ukweli. Niliamua kumwandikia mwenyewe: "Hongera sana, dada yangu. Nami natamani kununua. Ulianzia wapi?"

Alinipigia simu jioni ile na kunieleza bila kuficha. Tangu mwaka wa kwanza wa kazi alikuwa akiweka shilingi 100,000 kila mwezi kwenye saccos ya kazini kwao. Baada ya miaka miwili akiba yake ilifika shilingi 2,400,000, na chama kikamkopesha mara tatu ya kiasi hicho. Ada yake ya chuo ililipwa na wazazi. Mimi nilisomeshwa kwa mkopo wa serikali, ambao marejesho yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 120,000 kila mwezi kabla sijashika chochote, na juu ya hapo nilikuwa nikimlipia mdogo wangu ada. Kwa hiyo kile nilichokuwa nikikatwa kwa mkopo peke yake kilizidi akiba yake ya mwezi. Hakuna picha ambayo ingenionyesha hilo.

Ushauri wangu, basi, ni kuuliza kabla ya kuhukumu, na kuuliza jambo mahususi: alianza lini, alipitia chama gani, nani alimsaidia, na majukumu gani hakuwa nayo. Majibu hayo uyapange pembeni ya makato na wategemezi wako mwenyewe. Utapata sehemu unayoweza kuiga, kama mimi nilivyojiunga na saccos kwa kiwango kidogo kuliko chake, na sehemu isiyokuhusu kabisa. Uliza kwa faragha, baada ya kumpongeza, na usiombe kiasi cha mshahara wake. Akionyesha kusita, acha.

Wakati mwingine moyo hauko tayari kwa mazungumzo hayo. Kwenye WhatsApp unaweza kubonyeza status ya mtu kwa muda na kuchagua Mute. Kwenye Instagram unafungua ukurasa wake, unagusa Following, kisha Mute. Mhusika hapati taarifa yoyote na urafiki unabaki palepale, jambo ambalo ni la staha kuliko kumfuta. Ila jichunguze: ukijikuta unaandika jina lake usiku ili uone alichoweka, kuficha hakujasaidia, na simu ihamishiwe mbali na kitanda. Dalili nzito zaidi ni kupata nafuu moyoni unaposikia amekwama. Hapo usibaki peke yako na hisia hiyo. Mweleze mtu mzima unayemwamini na asiye mmoja wa kundi lenu.

Yapo pia mambo yasiyokuwa na hatua za kuiga. Rafiki anayetuma picha za mtoto mchanga hawezi kumpa aliyeharibikiwa mimba maelezo ya alipoanzia, na kumwambia mama huyo aulize ni kumwongezea uchungu. Kwake nashauri afiche picha hizo kwa muda anaouhitaji na amtumie rafiki yake ujumbe mfupi: "Nimefurahi kwa ajili yako, ila kwa sasa picha zinaniumiza. Nitakuja kumwona mtoto nikiwa tayari." Rafiki wa kweli ataelewa kwa nini yuko kimya, wala hatalazimika kubuni sababu mwenyewe.