Geuza Chupa Usome Nyuma

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, huu mwezi wa tatu nameza mafuta ya samaki, goti bado linauma nikikimbia. Niongeze?" Meseji hiyo imenirudisha mbali.

Nilikuwa najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathoni, goti la kulia likawa linauma kila nikishuka mteremko. Muuzaji wa dawa akaniambia mafuta ya samaki yanalainisha viungo, akanipa chupa iliyoandikwa miligramu 1000. Nikameza vidonge viwili kila siku, miezi sita. Hela ile bado inaniuma.

Hakuna aliyeniambia nigeuze chupa. Ile 1000 ya mbele ni uzito wa mafuta yote. Omega-3 yenyewe, yaani ile sehemu ya mafuta inayofanya kazi, imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo kwa aina zake mbili: EPA 180, DHA 120. Jumla 300. Kumbe kwa siku nilikuwa napata miligramu 600, si 2000.

Na hata ningeongeza, goti langu lisingepona. Mafuta haya yana ushahidi mzuri kwa baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Huko hutumika kama gramu 3 za EPA na DHA kwa siku, na nafuu huja baada ya miezi mitatu hivi. Kwa chupa yangu, hivyo ni vidonge kumi kila siku! Mimi sikuwa na ugonjwa huo. Mtaalamu wa fiziotherapia alinishusha ngazi kwa mguu mmoja, akaona goti linalalia ndani: misuli ya paja na nyonga ilikuwa dhaifu. Nilifanya mazoezi ya ngazi wiki nane, na mbio nikamaliza bila kuchechemea. Najivunia sana.

Kwa moyo, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL uliwafuatilia watu 25,871. Matokeo ya 2018 yalionyesha kuwa gramu 1 kwa siku haikupunguza kwa kiasi cha kuridhisha jumla ya mishtuko ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Dozi kubwa, kama gramu 4, nazo huongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Kuhusu maumivu ya misuli baada ya mazoezi, tafiti ni ndogo na zinapingana. Mimi sasa nakula vibua au dagaa mara mbili kwa wiki, wa kuchemsha au kuchoma.

Kwa hiyo ndugu yangu, usiongeze. Kama viungo vinavimba na asubuhi vinakakamaa zaidi ya nusu saa, nenda kwa daktari akupime baridi yabisi. Kama goti linauma kwenye mteremko tu, tafuta wa fiziotherapia. Na vidonge ulivyobakiwa navyo, pasua kimoja unuse: kikinuka samaki aliyechacha, mafuta yameharibika, tupa chupa nzima.