Maswali ya ulinzi wa taarifa binafsi: anza na kile kinachotokea kaunta

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi ikishaandika sera yake, agizo linalofuata huwa ni hili: tunga maswali mafupi, tujue kama wafanyakazi wameielewa. Mimi niliifanya kazi hiyo hapa Dodoma, kwenye taasisi ndogo ya mikopo inayohudumia wafanyabiashara wa sokoni na wakulima wa zabibu.

Usijaribu kuuliza kila kifungu. Soma sera ukiwa na kalamu, uweke alama pale tu ambapo mfanyakazi atalazimika kuamua mwenyewe, mteja akiwa amesimama mbele yake. Tafsiri ya maneno, majukumu ya bodi na mwaka wa sheria viache. Mtu anaweza kuukumbuka mwaka vizuri kabisa na bado akasahau fomu za mikopo juu ya mashine ya fotokopi. Kwangu maswali manane yalitosha.

Chukua kifungu kimoja tulichokuwa nacho: mtumishi hatatoa taarifa za mteja kwa mtu mwingine isipokuwa kwa ridhaa ya maandishi ya mteja, au pale sheria inapotaka. Ukiuliza, "Je, inaruhusiwa kumpa mtu mwingine taarifa za mteja?" wote watajibu hapana, nawe hutakuwa umejua lolote. Jibu limo ndani ya swali. Nenda kaunta, uwaulize wanaopokea simu ni nani hasa huwasumbua. Mimi niliambiwa: waume na wake wa wateja. Swali likawa hivi:

"Mwanaume anapiga simu. Anasema ni mume wa mteja wetu, anataja namba ya mkopo bila kukosea, anataka kujua salio ili akalipe leo. Utafanyaje?"

A. Nitamtajia salio, maana namba ya mkopo anayo.
B. Nitamwomba namba yake ya NIDA kwanza, ndipo nimtajie.
C. Nitamweleza kwamba siwezi kumtajia. Mteja mwenyewe aulize, au alete ridhaa yake ya maandishi.
D. Nitamwambia rejesho la mwezi huu tu, salio lote sitamtajia.

Jibu ni C, lakini nguvu ya swali iko kwenye yale mengine matatu, vipotoshi kama walimu wanavyoviita. Kila kimoja ni jambo ambalo mtu mwema hulifanya akidhani yuko sahihi. B ndiyo inayonasa wengi, kwa sababu kuomba kitambulisho kunafanana sana na uangalifu. Ila kitambulisho kinathibitisha anayeuliza ni nani. Hakithibitishi kwamba mteja ameridhia. Maelezo hayo mawili yaandike chini ya jibu pamoja na namba ya kifungu, mfanyakazi ayasome papo hapo baada ya kuchagua.

D ya mwanzo ilikuwa "Nitampa simu msimamizi wangu." Dada mmoja wa mapokezi niliyemjaribishia alinionyesha kifungu kingine kinachosema penye shaka mtumishi amwone msimamizi. Alikuwa na haki, na swali lingekuwa na majibu mawili sahihi. Kwa hiyo wajaribishie watu wawili watatu kabla ya kulisambaza, na wakuambie kwa nini wamechagua walichochagua. Angalia pia urefu: jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine kila mara, watu watalikisia bila kusoma. Hata hiyo C hapo juu niliifidia kwa kuyafupisha majibu sahihi ya maswali mengine.

Swali la karatasi nalo usiliache. Fotokopi ya kitambulisho iliyoharibika hugeuzwa upande wa pili ikachapiwa tena, na ikitoka ofisini huishia kufungia karanga, jina na picha ya mteja vikiwa nje.

Kuna pahali sera yenyewe itakukwamisha. Yetu ilisema upotevu wa taarifa uripotiwe "kwa haraka." Nikaandika kisa cha afisa mikopo aliyesahau kompyuta ya ofisi kwenye basi Ijumaa jioni, nikashindwa kuweka jibu. Jumamosi asubuhi ni haraka? Jumatatu je? Hapo usijitungie saa, kwa kuwa swali lako litageuka kanuni ambayo hakuna aliyeipitisha. Nilimrudishia afisa anayesimamia ulinzi wa taarifa. Naye akapeleka marekebisho kwa uongozi: siku hiyohiyo, kwa simu, kwake au kwa msimamizi. Kifungu kilipopitishwa ndipo swali likaingia.

Matokeo yakija, acha wastani. Fungua swali mojamoja uone waliokosa wamechagua nini. Wakitawanyika, huenda maneno ya swali hayaeleweki. Wakirundikana kwenye jibu moja, hiyo ni desturi ya ofisi. Kwetu walirundikana kwenye B, na waliokaa kaunta muda mrefu ndio walioongoza. Msimamizi wao alikaa nao wakakubaliana maneno ya kumjibu mpigaji simu, yakabandikwa kando ya simu ya kaunta.