Hisa 200,000 zimepita na bei haijasogea: herufi D inasema nini

"Wakuu, nanunua hisa za Marekani kwa simu nikiwa hapa Dar. Jana nimeona hisa 200,000 zimepita kwa mkupuo, bei haijasogea hata senti, na pembeni kuna herufi D. Wakubwa wanaficha nini? Na bei ninayoiona mimi ni ya kweli?"

Mkuu, chukua mtu aliyetumwa kununua magunia 300 ya mchele pale Tandale. Akisimama katikati ya soko na kutaja idadi yote, bei ya asubuhi ameshaikosa. Dalali wa kwanza atampigia simu wa pili, wenye mzigo wataanza kusema mchele umeadimika, na kabla hajafika kibanda cha tatu bei imepanda. Mchele haujapungua hata kilo moja. Kilichobadilika ni kwamba soko zima limejua kuna mtu ambaye hana budi kununua. Mfuko wa pensheni unaotaka hisa laki nne una shida hiyo hiyo, ila huko wanaopeana habari ni kompyuta, na zinapeana ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Soko la gizani limeundwa kwa ajili ya shida hiyo. Ni mfumo wa kulinganisha oda unaoendeshwa na benki au kampuni ya udalali, uliosajiliwa kwa mamlaka ya mitaji ya Marekani, SEC. Kwenye soko la kawaida daftari la oda liko wazi: unaona wanunuzi wanataja bei gani, wauzaji bei gani, na kila mmoja ana hisa ngapi. Gizani hakuna daftari la kuonyesha. Unaweka oda yako, nyingine inakuja upande wa pili, zikikutana muamala unafungwa. Baada ya hapo muamala lazima utangazwe, kwa kawaida ndani ya sekunde 10, kupitia mfumo unaoitwa TRF wa FINRA, shirika linalosimamia madalali wa Marekani, na hapo ndipo inapotoka hiyo D uliyoiona. Kwa hiyo kilichofichwa ni oda kabla haijatimia. Muamala wenyewe umeuona, na ndiyo maana umeweza kuuliza.

Bei inatoka wapi kama hakuna anayetaja bei? Inaazimwa kwenye masoko ya wazi. Mnunuzi bora akiwa dola 40.00 na muuzaji bora dola 40.04, masoko mengi ya gizani hufunga muamala katikati, 40.02. Mnunuzi ameokoa senti mbili, muuzaji naye ameongeza senti mbili.

Watu wengi wakisikia hivyo hudhani wakubwa wanafuata hizo senti mbili. Tupige hesabu, maana hapa ndipo kwenye kiini cha jambo. Tuseme hisa hiyo inauzwa milioni mbili kwa siku, na kwa kawaida bei yake huyumba kama 2% kwa siku. Mfuko unataka 400,000, yaani sehemu ya tano ya mauzo ya siku nzima. Kuna kanuni inayotumiwa sana na wanaosimamia oda kubwa kukadiria kiasi ambacho oda itajisukumia bei yenyewe:

```
msukumo = myumbo wa siku × √(oda ÷ mauzo ya siku)
        = 2% × √(400,000 ÷ 2,000,000) ≈ 0.9%
```

Ni makadirio ya jumla, lakini yanatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Asilimia 0.9 ya dola 40 ni kama senti 36 kwa kila hisa, na kwa hisa 400,000 hiyo ni takriban dola 143,000. Sasa tuseme nusu ya oda, 200,000, imekutana gizani na muuzaji mmoja mkubwa kwa bei ya kati. Nusu iliyobaki inakwenda kwenye soko la wazi, na kwa kanuni hiyo hiyo msukumo wake ni kama senti 25 kwa hisa, jumla dola 51,000 hivi. Zimeokolewa kama dola 92,000. Zile senti mbili za katikati, kwa hisa 200,000, ni dola 4,000 tu. Ukimya ndio wenye thamani.

Lakini hesabu hiyo inadhania kwamba aliyeko upande wa pili ni muuzaji wa kweli mwenye mzigo, na kwamba siri haijavuja. Mambo huharibika hapo, na huharibika kwa njia mbili ambazo ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni kupapasa. Mtu anatuma gizani oda ya kuuza hisa 100. Ikifungwa papo hapo anatuma 100 nyingine, nayo inafungwa. Sasa ameshajua kuna mnunuzi mkubwa amekaa humo. Anakimbilia soko la wazi, ananunua zilizopo, na kumngoja mnunuzi huyo kwa bei ya juu. Kinga yake ni kuweka kiwango cha chini: oda yangu isikutane na chochote kilicho chini ya hisa 5,000. Anayepapasa atalazimika kuhatarisha kama dola 200,000 kila anaponyoosha mkono. Gharama ya kinga hiyo ni kwamba na wewe utapata wenzi wachache, na oda inaweza kukaa mchana kutwa bila kuguswa. Oda ya kuchelewa nayo ina hasara yake, kwa sababu bei inaweza kukukimbia kwa sababu zisizokuhusu kabisa.

Ya pili ni bei iliyochacha. Soko la wazi limeshashuka hadi 39.96 kwa 40.00, lakini kompyuta ya soko la gizani haijapata habari na bado inafikiri katikati ni 40.02. Mwenye mtandao wa kasi anakuuzia kwa 40.02 kitu ambacho katikati yake ya kweli ni 39.98. Kwa hisa 5,000 umepoteza dola 200, na hakuna kilichoonekana kuharibika: muamala umefungwa vizuri, kwa bei inayoitwa ya kati.

Wanaosimamia oda hugundua yote mawili kwa kipimo kimoja. Kila muamala unapofungwa wanaandika bei ya kati ya wakati huo, kisha bei ya baada ya sekunde moja, dakika moja na dakika tano, wakitenganisha kila soko la gizani. Kama kila ukinunua kwenye soko fulani bei inashuka ndani ya sekunde ileile, unauziwa bei iliyochacha. Kama vipande vidogo vya mwanzo vinafuatiwa na bei kupaa huku oda yako bado haijaisha, siri imevuja. Muamala mmoja hausemi kitu, yanahitajika mamia.

Na wakati mwingine anayevunja uaminifu ni mwenye nyumba. Mwaka 2011 Pipeline Trading Systems ilikubali kulipa dola milioni 1 baada ya SEC kubaini kwamba oda nyingi za wateja zilijazwa na kampuni dada yake, wakati wateja waliambiwa wanakutana na wawekezaji wenzao. Januari 2016 Barclays ililipa dola milioni 70 na kukiri kosa, kwa kuwadanganya wateja kuhusu namna ilivyokuwa ikiwadhibiti wafanyabiashara wa kasi ndani ya soko lake la gizani. Wafanyabiashara hao wa kasi ndio watu ambao giza lilikusudiwa kuwakwepa. Kwangu hilo ndilo baya zaidi kwenye biashara hii: mteja hawezi kuchungulia ndani, kwa hiyo hana ila neno la mwendeshaji.

Turudi kwenye skrini yako. D haimaanishi soko la gizani peke yake. Inamaanisha muamala haukufanyika kwenye soko la wazi, na sehemu kubwa ya miamala ya namna hiyo ni ya watu kama wewe: kampuni nyingi za programu za simu hupeleka oda za wateja wadogo kwa kampuni kubwa zinazozijaza zenyewe. Oda yako ya hisa 20 huenda nayo ilitoka na D. Ukiona D ya hisa 50 kwa bei kama 40.0399, yaani sehemu ya senti chini ya bei ya muuzaji, karibu hakika ni mnunuzi mdogo. D ya hisa 200,000 iliyokaa 40.02 kamili, wakati katikati ni 40.02, inafanana na wakubwa wawili waliokutana.

Usichoweza kujua kwa kuiangalia ni nani alikuwa na haraka. Kila muamala una mnunuzi na muuzaji, na bei ya kati haiegemei upande wowote. Kwa hiyo wale wa makundi ya Telegram wanaouza ishara za "mkubwa ananunua gizani" wanauza dhana. Hata jina la soko la gizani haliandikwi kwenye muamala. FINRA hutoa jumla za kila wiki kwa kila soko, zikiwa zimechelewa wiki mbili kwa hisa kubwa na wiki nne kwa nyingine.

Bei yako ni ya kweli kwa maana hii: sheria ya Marekani hairuhusu, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, ufungiwe kwa bei mbaya kuliko bora inayoonekana kwenye masoko ya wazi. Wasiwasi ulio halali ni mwingine. Masoko ya gizani hayatengenezi bei, yanaiazima. Wenye haraka na wenye habari kali mara nyingi wako upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo gizani hawapati mwenza na hurudi kwenye soko la wazi. Wasio na haraka wakibaki gizani, anayeweka bei kwenye soko la wazi anajikuta akikutana zaidi na watu wanaojua kuliko yeye, naye hujilinda kwa kupanua pengo kati ya kununua na kuuza. Pengo hilo unalilipa wewe. Ulaya waliogopa hivyo, na kuanzia 2018 hadi 2025 walikuwa na kikomo hiki kwa miamala ya gizani ya bei ya kuazima: 4% ya mauzo ya hisa kwa soko moja na 8% kwa masoko yote, huku mizigo mikubwa kweli ikiachwa nje ya kikomo. Naona mgawanyo huo una akili, kwa sababu hisa 200 hazina cha kuficha.

Hapa kwetu DSE hakuna masoko ya gizani. Kinachokaribia ni mauzo ya bloku, pale madalali wa pande mbili wanapokubaliana kwanza kisha muamala unapitishwa kwenye mfumo wa soko. Ukiona kaunta fulani imeuza hisa milioni kadhaa kwa siku, angalia kwenye ripoti ya siku kama ilikuwa bloku kabla hujaamini kwamba ina wanunuzi wengi. Kesho yake ukitaka kuuza hisa zako 3,000, utakutana na daftari lilelile la juzi.