Maswali na Majibu: Theluthi ya Maziwa Katika Kikombe cha Chai

Kikombe changu ni cha mililita 240 na maziwa ni theluthi moja. Napata protini, mafuta na sukari kiasi gani?

Theluthi ya kikombe hicho ni mililita 80, na hesabu yote inatoka hapo, kwa kuwa maji na majani ya chai haviongezi chochote cha maana. Soma kwenye pakiti ya maziwa safu ya mililita 100, kisha zidisha kila tarakimu kwa 0.8. Maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta huwa na takriban gramu 3.3 za protini, 3.5 za mafuta na 4.8 za sukari. Kikombe chako, basi, kina gramu 2.6 za protini, 2.8 za mafuta na 3.8 za sukari.

Mimi huchemsha muda mrefu mpaka chai ipungue. Hesabu inabadilika?

Inabadilika, na hapa ndipo wengi hukosea. Kinachopaa kama mvuke ni maji. Protini, mafuta na sukari hubaki katika sufuria. Tuseme umeweka mililita 300 za maziwa na 600 za maji, ukachemsha hadi zikabaki 720, yaani vikombe vitatu vya 240. Maziwa uliyomimina ni yale yale 300, kwa hiyo kila kikombe kimebeba mililita 100, wala si 80, na tarakimu za pakiti unazichukua jinsi zilivyo. Kwa sababu hiyo nakusihi upime maziwa kabla ya kuyatia motoni, kisha uyagawanye kwa idadi ya vikombe vilivyopatikana. Rangi ya chai haiwezi kukuambia lolote, maana majani yakizidi huificha.

Je, moto hauharibu protini?

Hauiondoi. Joto hubadilisha umbo la baadhi ya protini, lakini mwili bado huimeng'enya. Upotevu wa kweli ni ule unaouona kwa macho: utando unaokunjamana juu ya chai na kunasa kwenye chujio una protini na mafuta, na kadhalika ule ukoko uliogandamana chini ya sufuria. Ukikoroga mara kwa mara, utando hupungua. Chai ikifurika jikoni, hesabu ya sufuria nzima haifai tena, kwa kuwa kilichomwagika kimeondoka na maziwa yake.

Situmii sukari nyingi, vijiko viwili vidogo tu. Niiandikeje?

Iandike peke yake. Sukari iliyotajwa kwenye pakiti ni laktosi, ambayo ni ya maziwa yenyewe. Kijiko kidogo kilichosawazishwa kina takriban gramu 4, hivyo viwili ni gramu 8, na ukijumlisha zile 3.8 za theluthi ya maziwa unakaribia 12. Kijiko cha kilima huzidi hapo, kwa hiyo kisawazishe kwa mgongo wa kisu.

Nikitumia maziwa yaliyoondolewa mafuta?

Mafuta hushuka karibu na sifuri, ilhali protini na laktosi hubaki karibu vile vile.